Upinde wa pili na rangi zilizogeuka: uchambuzi wa picha moja ya Coco Beach

Chini ya picha kuna bahari ya kijivu, na mstari wa upeo umenyooka karibu na ukingo wa chini. Juu yake zimesimama pinde mbili. Wa ndani umekolea: nyekundu iko nje, urujuani uko ndani. Wa nje umefifia, ni mnene zaidi, na rangi zake zimepinduliwa, nyekundu ndani na urujuani nje. Pinde zote mbili zimekatwa miguu, kwa sababu picha haikuenea kushoto wala kulia. Kati yake unapita mkanda wa mbingu yenye giza, mweusi kuliko mbingu iliyo chini ya upinde wa kwanza, na mweusi kidogo kuliko iliyo juu ya upinde wa pili.

Ilipigwa Coco Beach, Dar es Salaam, katikati ya Aprili, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Mvua ya masika ilikuwa imeshasogea baharini, na jua lilikuwa limechomoza chini ya mawingu upande wa mjini. Aliyeipiga ni mpwa wangu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Shikamoo mjomba. Hapa kijiweni wanasema nimeichezea picha. Mwingine anasema ni kioo cha kamera kimerudisha upinde wa kwanza, ndiyo maana rangi zimegeuka. Nao weusi wa katikati wanasema ni wingu tu. Niwajibu nini?"

Hoja ya kioo si ya kupuuzwa. Mtu akiona kitu kilichogeuzwa kulia kushoto au juu chini, kitu cha kwanza kukifikiria ni kioo, na hata vitabu vingine husema kwa mkato kwamba upinde wa pili ni "taswira" ya ule wa kwanza. Si kweli. Upinde wa pili haumhitaji wa kwanza hata kidogo. Unatengenezwa na matone mengine, yaliyo sehemu nyingine ya mbingu, kwa mwanga uliopita njia nyingine ndani ya tone. Ungeweza kuziba upinde wa kwanza wote kwa jengo refu na wa pili ukabaki palepale.

Nilimwomba anitumie faili kama dokumenti, maana picha inayotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa na kupoteza taarifa zake za ndani. Ilifika nzima: pikseli 4000 kwa 3000, lenzi kuu ya simu, ile inayoandikwa milimita 26 kwa kipimo cha kamera za filamu. Hiyo inatosha kuigeuza picha kuwa chombo cha kupimia pembe.

Kupima kabla ya kubishana

Upinde wa mvua hauna umbali wala upana wa mita. Ni jambo la pembe tupu. Kitovu chake ni pale palipo kinyume kabisa na jua, yaani ukilipa jua mgongo, ni upande kinapoangukia kivuli cha kichwa chako. Tone lolote la mvua lililo nyuzi 42 kutoka kwenye mstari huo linakupelekea mwanga mwekundu wa upinde wa kwanza, liwe hatua kumi mbele yako au kilomita tano baharini. Kwa hiyo swali la kuiuliza picha ni moja: kila rangi iko nyuzi ngapi kutoka kwenye kitovu?

Kwa lenzi hiyo na pikseli hizo, urefu wa fokasi unakuja karibu pikseli 3000, na pembe ya kitu chochote kutoka katikati ya picha ni hii:

```
pembe = arctan(pikseli kutoka katikati ÷ 3000)
```

Nilipima juu ya mstari mmoja tu, ule wa wima unaopita kwenye kilele cha pinde zote mbili. Kuna sababu. Lenzi ya kawaida huvuta vitu vya pembeni, kwa hiyo duara kamili la angani halitoki kuwa duara kamili kwenye picha, na anayeweka bikari juu ya skrini kutafuta kitovu atapotea. Kwenye picha hii kitovu chenyewe hakimo: kiko chini ya upeo wa bahari, nje kabisa ya ukingo wa chini.

Upeo wa bahari uko pikseli 1200 chini ya katikati ya picha, ambazo ni nyuzi 21.8. Ukingo mwekundu wa upinde wa kwanza uko pikseli 330 juu ya katikati, yaani nyuzi 6.3. Ukijumlisha, nyekundu hiyo iko nyuzi 28.1 juu ya upeo. Nyekundu ya upinde wa pili iko pikseli 765 juu ya katikati, nyuzi 14.3, kwa hiyo iko nyuzi 36.1 juu ya upeo.

Kinachobaki ni urefu wa jua. Kwa Dar es Salaam, katikati ya Aprili, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, hesabu ya jua inatoa nyuzi 14.2 juu ya upeo wa magharibi. Asiyetaka hesabu hiyo angesimamisha fimbo ya mita moja mchangani: kivuli chake kingekuwa karibu mita nne. Jua likiwa nyuzi 14.2 juu ya upeo nyuma yako, kitovu cha upinde kiko nyuzi 14.2 chini ya upeo mbele yako. Jumlisha tena: nyekundu ya upinde wa kwanza iko nyuzi 42.3 kutoka kwenye kitovu, na nyekundu ya upinde wa pili iko nyuzi 50.3.

Nadharia ya tone la maji, kwa mwanga mwekundu, inadai 42.4 na 50.4. Kwa simu iliyoshikwa mkononi, siwezi kudai zaidi ya hapo. Baada ya kipimo hicho sikuwa na shaka na picha, lakini kijiwe kilitaka sababu, si namba.

Njia ya mwanga ndani ya tone

Tone la mvua dogo ni tufe la maji. Miali ya jua hufika ikiwa sambamba na kuligonga sehemu mbalimbali. Mwali unaoingia upande mmoja hupinda kwenye uso wa maji, huvuka tone, hugonga ukuta wa nyuma, sehemu yake huakisiwa, hurudi mbele na kupinda tena unapotoka. Huo ndio mwali wa upinde wa kwanza: kupinda, kuakisiwa mara moja, kupinda. Mwali wa upinde wa pili huingia karibu zaidi na ukingo wa tone na huakisiwa mara mbili kabla ya kutoka.

Hapa nina ugomvi mdogo na vitabu vya shule vinavyoandika kwamba mwanga huakisiwa *wote* kwenye ukuta wa nyuma wa tone. Haiwezekani. Mwali ulioweza kuingia kwenye tufe unaligonga ukuta wa ndani kwa pembe ileile iliyouruhusu kuingia, kwa hiyo unaweza pia kutoka, na sehemu kubwa hutoka. Kwa mwali wa upinde wa kwanza, takriban asilimia 6 tu ndiyo inayoakisiwa. Nyingine yote inapita nyuma ya tone na kwenda zake. Ndiyo maana upinde wa pili, unaolipa hasara hiyo mara mbili na kisha kusambaza mwanga wake kwenye mkanda mpana zaidi, unaonekana umefifia. Kwa jumla unabeba mwanga usiofika nusu ya wa kwanza. Mara nyingi upo na watu hawauoni, kwa sababu wingu lililo nyuma yake linang'aa kuuzidi.

Sasa rangi. Maji hupinda urujuani zaidi ya nyekundu. Kanuni hiyo haibadiliki: iwe upinde wa kwanza au wa pili, mwali wa urujuani ndio unaogeuka zaidi. Kama kanuni ni moja, mpangilio umegeukaje?

Aliyepita JKT anaijua amri ya "nyuma geuka". Ni nusu mzunguko kamili, nyuzi 180. Chukulia mwanga kama kuruta aliyeamriwa hivyo ndani ya tone. Kwenye upinde wa kwanza kuruta hafiki: mwanga mwekundu unageuka nyuzi 137.6 na kuishia hapo, ukiwa umepungukiwa nyuzi 42.4. Urujuani unageuka zaidi kidogo, nyuzi 139.4, kwa hiyo umepungukiwa kwa kiasi kidogo kuliko mwekundu, nyuzi 40.6. Kupungukiwa huko ndiko umbali wa rangi kutoka kwenye kitovu cha upinde. Aliyegeuka zaidi amekaribia kitovu. Urujuani ndani, nyekundu nje.

Kwenye upinde wa pili kuruta anapitiliza. Ule mwakisiko wa ziada unamzungusha hadi anavuka nusu mzunguko: nyekundu inageuka nyuzi 230.4, imepitiliza kwa 50.4. Urujuani, ambao siku zote hugeuka zaidi, unafika 233.5, umepitiliza kwa 53.5. Sasa aliyegeuka zaidi ndiye aliye *mbali* zaidi na kitovu. Nyekundu ndani, urujuani nje. Maji hayakubadilisha tabia na hakuna kioo kilichopindua chochote. Tabia ileile ya urujuani kugeuka zaidi inausogeza kwenye kitovu ukiwa bado haujafika nusu mzunguko, na inauondoa kwenye kitovu ukiwa umeshaupita.

Mpwa wangu alisoma hayo akaniuliza swali lililonifurahisha: "Mjomba, mbona kila rangi inatoka kwa pembe moja tu? Jua linaligonga tone zima, juu, katikati, pembeni. Si mwanga ungetawanyika kila upande?"

Hapo ndipo penye utamu, na ndipo ulipo mkanda wa giza.

Mahali mwanga unapogeukia

Mwanga hautoki kwa pembe moja tu. Unatawanyika kweli, ila kuna mpaka usiouvuka. Tufuate mwali mmoja mmoja kwa mwanga wa njano, ambao uko katikati ya rangi, na tupime kila mwali umeingia umbali gani kutoka kwenye mhimili wa tone, kwa sehemu za nusukipenyo chake.

Mwali unaoingia katikati kabisa unaakisiwa na kurudi ulikotoka: nyuzi 0 kutoka kwenye kitovu. Ukiingia kwenye nusu ya nusukipenyo, unatoka nyuzi 28. Ukisogea hadi 0.77, unatoka nyuzi 40. Kwenye 0.87, nyuzi 42. Hadi hapo kila unavyosogea nje, pembe inakua, na ungetegemea iendelee. Lakini ukifika 0.94 pembe imerudi hadi 39, na ukikaribia ukingo kabisa, kwenye 0.98, imeshuka hadi 32. Imepanda, imefika kilele cha nyuzi 42 na ushei, imeanza kushuka.

Kitu kinachopanda na kushuka hukawia karibu na kilele. Angalia tena namba hizo: miali yote iliyoingia kati ya 0.77 na 0.94 ya nusukipenyo, eneo kubwa la uso wa tone, imebanana kwenye nyuzi tatu tu, kati ya 39 na 42. Mlundikano huo ndio mng'ao wa upinde. Miali mingine imesambaa ndani, kuanzia kitovuni hadi karibu na upinde. Zaidi ya kilele hakuna mwali hata mmoja wa mwakisiko mmoja unaotoka.

Kwa hiyo, kwa kila rangi, mwakisiko mmoja hauchori mstari wa duara. Unachora duara *lililojaa* mwanga, lenye ukingo unaong'aa. Duara la nyekundu lina nusukipenyo cha nyuzi 42.4, la urujuani 40.6, na rangi nyingine zimo kati yake. Zikilaliana, sehemu ya ndani zote zimo, na rangi zote pamoja hufanya weupe. Ukingoni ndipo nyekundu inapobaki peke yake, kwa sababu duara lake ndilo kubwa. Hii ndiyo sababu mbingu iliyo chini ya upinde wa kwanza kwenye picha ya Coco Beach ina weupe kama wa maziwa. Wengi hudhani ni wingu jepesi. Ni mwanga wa jua ulioakisiwa mara moja ndani ya matone yaleyale ya mvua.

Miali ya miakisiko miwili inafanya kinyume chake. Nayo ina mpaka, ila mpaka wake ni wa chini: nyekundu haiwezi kupitiliza nusu mzunguko kwa chini ya nyuzi 50.4, na urujuani kwa chini ya 53.5. Kupitiliza zaidi ya hapo ni ruksa. Kwa hiyo mwanga huu unajaza mbingu kutoka kwenye upinde wa pili kwenda *nje*, na ndani unaacha tundu. Tundu la nyekundu ni dogo, la urujuani ni kubwa. Unapotoka ndani ya tundu kwenda nje, rangi ya kwanza kukutana nayo ni nyekundu, kisha nyingine zinaongezeka moja moja hadi weupe.

Weka duara lililojaa ndani ya tundu lililo kubwa kuliko lenyewe. Duara linaishia 42.4, tundu linaanzia 50.4. Kati yake kuna nyuzi 8 ambazo mwanga wa mwakisiko mmoja haufiki na wa miakisiko miwili haufiki. Matone ya mvua yamo pale, mengi tu, tena yanamulikwa na jua kama wenzao, ila mwanga wao wa namna hizo mbili haukuelekei wewe. Unawaendea watu waliosimama kwingine, ambao kwao matone hayohayo ni upinde.

Mkanda huu unaitwa mkanda wa Aleksanda, kwa jina la Aleksanda wa Afrodisia, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeueleza mnamo mwaka 200, akashindwa kupata sababu. Sababu ilianza kuonekana mwanzoni mwa karne ya 14, pale Kamal al-Din al-Farisi huko Uajemi na mtawa Theodoriki wa Freiberg huko Ujerumani, kila mmoja bila kumjua mwenzake, walipochukua chupa ya duara iliyojaa maji badala ya tone na kufuata mwanga ndani yake. Hesabu ya mwali mmoja mmoja kama niliyoiweka hapo juu aliifanya Descartes mwaka 1637, ila kuhusu chanzo cha rangi zenyewe ilibidi Newton aje.

Neno "giza" lisituvushe mipaka. Mkanda hauwi mweusi tii. Wingu lililo nyuma ya mvua linaangaza kupitia humo, na matone yenyewe huakisi mwanga kidogo kwenye uso wao wa nje. Ni giza ukilinganisha na majirani wawili.

Majibu kwa kijiwe

Tuanze na wingu. Wingu jeusi halijui jiometri. Kwenye picha, mkanda una upana uleule wa pembe kuanzia kileleni hadi pale pinde zinapokatwa na kingo za picha, na unapinda pamoja nazo. Wingu lingetokeza mahali, lingepungua mahali.

Lenzi ya kamera kurudisha taswira ya kilicho mbele yake kunatokea kweli, hasa taa au jua likiwa mbele. Lakini taswira ya namna hiyo hupinduliwa kupitia katikati ya picha: upinde uliobinuka juu ungetokea umebinuka chini, upande wa pili wa katikati, na ungehama mara tu mpiga picha anapoelekeza simu kwingine. Pinde hizi mbili zimebinuka upande mmoja na zina kitovu kimoja. Zaidi ya hapo, jua lilikuwa mgongoni.

Kuna kioo kingine ambacho kijiwe hakikukitaja, na kwa picha ya ufukweni ndicho ningekihofia zaidi: maji yenyewe. Bahari au ziwa lililotulia nyuma ya mpiga picha linaweza kurudisha jua kuelekea juu, na mwanga huo ukatengeneza upinde wake. Upinde wa namna hiyo una dalili mbili. Rangi zake zimepangwa kama za upinde wa kwanza, hazigeuki. Nao hukutana na upinde wa kwanza pale pale kwenye upeo, kisha huachana nao kadiri unavyopanda. Hapa hakuna dalili hata moja.

Shutuma ya kuchezea picha ndiyo inayohitaji ushahidi mgumu zaidi. Mtu anayetaka upinde wa pili wa bandia atanakili wa kwanza, atageuza rangi, ataukuza ufikie nafasi ya nje, kisha ataufifisha. Kosa lake litakuwa kwenye unene. Upinde wa kwanza wa picha hii, kutoka nyekundu hadi urujuani, ni pikseli 90, ambazo ni nyuzi 1.7. Ukiukuza kutoka duara la 42 hadi la 50, unene unafika nyuzi 2. Upinde wa pili uliomo kwenye picha ni pikseli 185, nyuzi 3.3. Karibu mara mbili ya wa kwanza, kama inavyotakiwa: mwali wake huingia kwenye 0.95 ya nusukipenyo, kwa mshazari mkali zaidi kuliko mwenzake anayeingia kwenye 0.86, hupinda zaidi, na rangi huachana zaidi. Mlaghai anayejua hilo yupo, lakini hapotezi jioni yake kwa picha ya mpwa wangu.

Jambo moja nililikataa hata mwenyewe alipoliomba. Alitaka nipime mkanda una giza kiasi gani kwa kusoma namba za mwangaza wa pikseli. Simu za siku hizi huunganisha picha kadhaa za mwangaza tofauti na kukoleza tofauti ya sehemu na sehemu ili picha ipendeze. Mkanda wa giza ulio kando ya upinde unaong'aa ndio mahali hasa programu hiyo hupenda kuongeza chumvi. Pembe za picha yake naziamini, kwa sababu kukoleza rangi hakuhamishi kitu. Mwangaza siuamini.

Kipimo cha mwisho ni saa, na hiki hakihitaji hata picha nzuri. Ukiwa umesimama tambarare, kitovu kinashuka chini ya upeo kwa kiasi kilekile jua linachopanda. Jua likivuka nyuzi 42, upinde wa kwanza wote umezama. Kwa Dar es Salaam katikati ya Aprili, mchana, hilo linadumu hadi saa tisa na dakika ishirini na ushei alasiri. Anayekuletea picha ya upinde wa mvua juu ya bahari, iliyopigwa ufukweni saa saba mchana siku hizo, mwambie arudie hadithi yake. Upinde wa pili hujitokeza mapema zaidi, jua likishuka chini ya nyuzi 50, kwa hiyo kuna kama nusu saa ambapo kinadharia ungeweza kuuona wa pili peke yake, kamba nyembamba imekaa juu ya maji, nyekundu ikiwa chini. Sijawahi kuuona.

Swali lake la mwisho lilikuwa kama kuna upinde wa tatu. Upo. Miakisiko mitatu inamzungusha yule kuruta hadi karibu nyuzi 318, amekaribia kumaliza mzunguko mzima na amelielekea tena jua. Kwa hiyo upinde wa tatu haukai juu ya hizi mbili ambako watu huutafuta. Uko nyuma ya mpiga picha, umelizunguka jua lenyewe kwa umbali wa nyuzi 42 hivi, umemezwa na mwangaza wa mbingu ya upande huo. Picha ya kwanza inayokubalika ya upinde huo ilipatikana Ujerumani mwaka 2011, nayo ilibidi ikolezwe kwa kompyuta ndipo rangi zitokeze. Nilimwambia jioni ile pale Coco Beach angegeuka kuutafuta upande wa mjini angepata maumivu ya macho tu.